Lugha "hatarishi", Kiyaaku na hili suala la kufufua

"Mwalimu shikamoo. Naandika ripoti ya chuo kuhusu lugha hatarishi za Kenya, nimechagua Kiyaaku cha kule Laikipia. Niseme imekufa, imepotea ama iko hatarini? Na hiki kitu cha kufufua lugha kimeshawahi kufanya kazi popote ama ni pesa za wafadhili tu?"

Marahaba. Kwanza toa hilo neno hatarishi kwenye kichwa cha ripoti kabla msimamizi hajaliona. Hatarishi ni kile kinachohatarisha, kama tunavyosema tabia hatarishi, kwa hiyo ulivyoandika ni kama Kiyaaku ndo kinatishia watu. Unachotaka ni lugha zilizo hatarini kutoweka. Halafu hata hapo Kiyaaku hakiingii vizuri, maana lugha iko hatarini pale wazazi wanapoanza kuacha kuongea nayo na watoto, na Wayaaku walishapita hapo miaka ya 1930. Andika kwamba imetoweka kama lugha ya mazungumzo ya kila siku. "Imepotea" waachie magazeti.

Sasa sababu, na hapa usiandike ile ya kila mtu ya "ukoloni na utandawazi" ukaishia hapo, kwa sababu kisa cha Kiyaaku kina mambo yake. Hawa walikuwa watu wa msitu wa Mukogodo, huko karibu na Doldol, wakiwinda, wakiokota, wakiishi kwenye mapango ya mawe na zaidi ya yote wakifuga nyuki. Mahari yao ilikuwa mizinga. Wamasai wenye ng'ombe waliwaita Dorobo, yaani watu wasio na mifugo, mafukara, na hilo jina halikuwa la heshima hata kidogo. Waingereza walipowahamisha Wamasai wengi wa Laikipia kwenda kusini miaka ya 1911 hadi 1913, Mukogodo ikaachwa kuwa eneo la hao "Dorobo", wakajikuta wamewekwa pamoja na makundi mengine yaliyokuwa yanaongea Kimaa, lugha ya Wamasai, na yana mifugo, na vijana wa makundi hayo wakaanza kuoa mabinti wa Kiyaaku kwa ng'ombe na mbuzi.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya baba mwenye binti. Huyu ana mizinga, yule ana ng'ombe, utampa nani? Kijana wa Kiyaaku naye akaona bila mifugo haoi, akatafuta mifugo, akatoka pangoni akajenga boma, na maisha yote ya boma yanaendeshwa kwa Kimaa. Mabadiliko hayo yalichukua kama kizazi kimoja hivi. Inasimuliwa hata kwamba walikaa kikao wakakubaliana watoto wasifundishwe tena Kiyaaku kwa kuwa ni lugha ya wawindaji, haimfai mtu anayetaka kuwa mfugaji. Ona sasa, aliyekimeza Kiyaaku sio Kiingereza wala Kiswahili, ni jirani mwenye ng'ombe. Na ukitaka ushahidi wa hilo usikilize Kimaa chao: maneno ya nyuki, ya mimea na ya wanyama wa porini yamebaki mengi ya Kiyaaku, kwa sababu Kimaa cha wafugaji hakikuwa na maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Lugha ilibaki pale tu ilipokuwa bado ina kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaamka, wakaunda umoja wao, na wanaisimu wakaenda kuwasaidia kukusanya msamiati. Shida ni kwamba waliokuwa bado wanaikumbuka vizuri ni wazee wachache mno, na wao wenyewe walikuwa wameishi kwa Kimaa karibu maisha yote. Kilichotoka hapo ni orodha za maneno, salamu, majina, ila mtoto aliyekua anaongea Kiyaaku hakuna. Ukipima kwa idadi ya wasemaji basi mradi umefeli, lakini mi nakushauri usiishie hapo, kwa sababu wenyewe hawakuwa wanatafuta wasemaji tu. Walitaka watambulike kuwa wao si Wamasai maskini, ni watu wengine wenye msitu wao, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, inataja jamii za asili zilizodumisha maisha ya uwindaji na uokotaji miongoni mwa jamii zilizotengwa. Kwa mtu anayedai msitu, salamu ya Kiyaaku ina faida yake hata kama mazungumzo yanaendelea kwa Kimaa.

Kuhusu kama imeshawahi kufanya kazi popote, nenda Nyuzilandi kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa huko. Baada ya vita ya pili ya dunia walihamia mijini kwa wingi, na serikali ikawa inawapa nyumba kwa kuwatawanya kati ya Wazungu, huyu mtaa huu yule mtaa ule, kwa hiyo mtoto akitoka nje hana wa kuongea naye Kimaori, na wazazi waliokuwa wamechapwa shuleni kwa kukiongea hawakuwa na hamu ya kumwachia mtoto huo mzigo. Kufika miaka ya 1970 wasemaji wazuri walikuwa watu wazima na wazee, lakini walikuwa maelfu, na hapo ndo tofauti na Mukogodo ilipo. Mwaka 1982 wakafungua kohanga reo ya kwanza huko Wainuiomata karibu na Wellington: ni chekechea, bibi na babu wanakaa na watoto wadogo kutwa nzima kwa Kimaori tu, yaani wanaruka kizazi cha katikati ambacho hakina lugha. Ndani ya miaka kama kumi zilikuwa zaidi ya 700. Watoto walipofika umri wa shule wakawa wanaingia kwenye Kiingereza na kusahau haraka sana, wazazi wakaanzisha shule zao za Kimaori kuanzia 1985 bila kungoja serikali, na 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi.

Hayo ni mafanikio ya kweli, leo kuna watu wazima waliosoma hadi sekondari kwa Kimaori na kuna redio na televisheni. Lakini angalia sensa: mwaka 2001 Wamaori walioweza kuongea mambo ya kila siku kwa lugha yao walikuwa kama asilimia 25, mwaka 2013 wakawa kama 21. Shule zipo na bado asilimia inashuka, kwa nini? Wazee wanakufa, na wahitimu wengi wa hizo shule wakifika nyumbani wanarudi kwenye Kiingereza, wanaoana kwa Kiingereza, na mtoto wao naye anasubiri chekechea ndo akutane na Kimaori. Yaani programu imezaa wanafunzi wengi kuliko ilivyozaa nyumba. Sensa ya 2023 idadi ya wasemaji imepanda, lakini usiisome kama kwamba nyumba zimerudi.

Kwenye istilahi, kwa Kimaori tumia kuhuisha, maana hakikufa, kwa Kiyaaku ndo useme jaribio la kufufua. Na kama una nafasi kwenye ripoti weka kabila la Ngai Tahu wa kisiwa cha kusini, wao hawakuhesabu madarasa, walijiwekea lengo la nyumba 1,000 zinazoongea Kimaori kufikia 2025, na kwao hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko kaskazini, wazee wasemaji walikuwa karibu wameisha, ikabidi wazazi wajifunze wenyewe kwanza ndo waongee na watoto.