Taja mawazo hayo kwanza, mapigo ya moyo yafuate

*Shangazi, nina miaka 27. Kwa miezi kadhaa wasiwasi umenikaba: moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Wiki hii nimeanza kuona afadhali nisingekuwepo, na juzi usiku nilijikuta nawaza kujidhuru kwa kitu kilichomo humu nyumbani. Hakuna anayejua. Naogopa nikisema nitaitwa mwendawazimu na kufungiwa hospitali. Nifanye nini?*

Mwanangu, leo usilale peke yako. Hilo ndilo jibu langu la kwanza, na nataka ulitekeleze kabla giza halijaingia. Ikiwa hata sasa hivi unaona huwezi kujizuia, acha kusoma. Piga namba ya dharura ya nchi yako au umwombe aliye karibu akupeleke hospitali. Katika nchi nyingi, 112 kwenye simu ya mkononi itakufikisha kwa huduma za dharura.

Ninakuharakisha kwa sababu umeniambia mambo mawili tofauti. Kutamani usingekuwepo ni mzigo mzito, na unahitaji kuonwa na mtaalamu. Lakini ukishawaza namna ya kujidhuru, na kitu chenyewe kimo ndani ya nyumba, hiyo ni dharura sawa na maumivu makali ya kifua. Hungesubiri wiki ijayo.

Chagua mtu mmoja usiyemwogopa: dada, rafiki, jirani. Usimwambie "sijisikii vizuri", maana atakuambia upumzike. Mwambie hivi: "Nina mawazo ya kujiua, naogopa kubaki peke yangu. Njoo ukae nami, kisha unipeleke hospitali." Akifika, mwonyeshe kitu kile akitoe nyumbani, asikifiche kabatini. Kama ni dawa, azichukue, na kama unatumia dawa kila siku awe anakupa za siku hiyo tu. Msukumo wa kujidhuru hupanda kwa kasi na mara nyingi hushuka baada ya dakika au saa chache, kwa hiyo kinachookoa maisha mara nyingi ni kutokuwa na kitu mkononi wakati umepanda. Pombe nayo usiiguse, hata kama unaitafutia usingizi. Inalegeza breki zote.

Sasa hospitali, maana hapo ndipo wengi wenye wasiwasi hupotea. Mtu anafika kitengo cha dharura, anaulizwa ana shida gani, anajibu: moyo unanienda mbio, kifua kinabana. Anapimwa moyo, unakutwa mzima, anaambiwa ni wasiwasi tu, anarudishwa nyumbani. Lile lililomleta hakulitamka. Hawakumdharau, walitibu walichoambiwa. Kwa hiyo ukifika mapokezi, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nina mawazo ya kujiua na nina wasiwasi mkali." Mapigo ya moyo yafuate. Ukihofia sauti itakukauka, iandike kwenye simu sasa hivi, umpe muuguzi aisome.

Utaulizwa waziwazi kama umewaza kujiua, kwa njia gani, umepanga lini, umewahi kujaribu, na unaishi na nani. Usishtuke. Maswali hayo hayapandi wazo kichwani mwa mtu, na majibu yake ndiyo yanayoamua usaidiweje. Watajie pia kukosa usingizi. Na ikiwa karibuni umeanzishiwa dawa za sonona au umebadilishiwa kipimo, sema. Wiki za mwanzo zinaweza kuongeza mawazo haya, hasa kwa vijana. Usiziache ghafla bila daktari.

Kuhusu kufungiwa, sitakudanganya. Wapo wanaolazwa, pale inapoonekana hawatakuwa salama nyumbani, na mara nyingi ni kwa muda mfupi. Lakini wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo wakiwa na mtu wa kuwaangalia, tarehe ya karibu ya kuonana na mtaalamu, na karatasi yenye dalili zao za hatari na majina ya wa kupigia. Na kusema ukweli wako si wendawazimu. Wasiwasi wa muda mrefu pamoja na kukesha humfanya mtu aone hakuna njia nyingine, na vyote viwili vinatibika.

Kama hospitali iko mbali usiku huu, tafuta simu ya msaada. Tovuti ya findahelpline.com inazipanga kwa nchi. Atakayepokea hana haja ya kukujua jina. Zungumza naye huku mtu wako akiwa njiani.

Na ikitokea umefika, umesema, kisha ukaambiwa uende nyumbani ilhali mawazo bado yana nguvu, usiondoke. Sema: "Nikirudi nyumbani sasa sitakuwa salama." Uliyekuja naye alirudie, na aombe daktari mwingine akuone.