Ratiba ya Kurekodi Filamu: Mwigizaji Mwenye Siku Chache Atangulie

Wengi wanaoanza kutengeneza filamu hapa Kisumu hufundishwa kanuni moja ya kupanga ratiba: kusanya maonyesho yote ya mahali pamoja, uyamalize, kisha uhamie mahali pengine. Kanuni hiyo ni ya kweli, kwa kuwa kuhamisha taa, kamera, jenereta na watu kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine kunaweza kula nusu ya siku. Hata hivyo, mahali peke yake hapatoshi kukupa ratiba itakayosimama. Nitaeleza njia ninayoifuata kwa kutumia filamu fupi tuliyoirekodi mwezi wa Agosti, yenye kurasa 19 na maonyesho 22.

Kazi huanza kwa kuupasua muswada. Kila onyesho huandikiwa kipande chake cha karatasi, au safu yake kwenye jedwali la kompyuta, chenye namba ya onyesho, mahali, ndani au nje, mchana au usiku, waigizaji waliomo, na urefu wake. Urefu hupimwa kwa thumuni za ukurasa, hivyo onyesho la nusu ukurasa huandikwa 4/8. Kwa kikosi kidogo chenye kamera moja, mimi hukadiria kurasa tatu hadi nne kwa siku, na hupunguza pale penye umati au mwanga unaokimbia.

Filamu yetu ilikuwa na sehemu nne. Nyumba moja ya Milimani ilikuwa na maonyesho tisa yenye kurasa tisa, ufuo wa Dunga maonyesho sita yenye kurasa nne, soko la Kibuye maonyesho manne yenye kurasa tatu, na ofisi ya kukodi mjini maonyesho matatu yenye kurasa tatu. Waigizaji wakuu walikuwa watatu. Binti, mwanafunzi wa sekondari, alikuwamo karibu katika kila onyesho, na ndiyo sababu tulisubiri likizo ya Agosti. Mama ni muuguzi, naye alikuwa na zamu siku ya Jumanne. Mzee, aliyeigiza baba mkubwa, alikuwa akitoka Nairobi na alikuwa na Ijumaa na Jumamosi tu. Alikuwamo katika maonyesho mawili ya Dunga na manne ya nyumbani.

Kabla ya kupanga mahali popote, mimi hutenga kwanza vipande visivyoweza kusogezwa. Hapa vilikuwa viwili: siku mbili za Mzee, na Kibuye, ambako soko hufurika siku ya Jumapili kiasi ambacho hakuna fedha ya waigizaji wa ziada inayoweza kukuletea. Vipande vingine vyote hupangwa kuvizunguka hivyo. Ukianza na mahali, utaweka nyumba ya Milimani kwa siku tatu mfululizo kwa sababu ndiyo yenye kurasa nyingi, kisha utagundua kwamba Mzee anaondoka kabla hujafika ufuoni.

Swali lililofuata lilihitaji kufikiriwa zaidi: kati ya Ijumaa na Jumamosi, siku ipi iwe ya Dunga na ipi iwe ya nyumbani? Mtu angependa kumpa Mzee siku rahisi kwanza, ndani ya nyumba, kisha ampeleke ufuoni akiwa amezoea kikosi. Mimi nilifanya kinyume. Maeneo ya ziwa hupata mvua za radi alasiri hata nje ya msimu wa masika, na onyesho la nje likiharibiwa na mvua siku ya mwisho ya mwigizaji, limepotea. Likiharibiwa siku yake ya kwanza, unaingia nyumbani siku hiyo hiyo na kurudi ufuoni kesho yake. Kwa hiyo maonyesho ya nje ya mtu mwenye siku chache yawekwe siku yake ya kwanza, na ya ndani yawekwe mwishoni yakiwa akiba. Akiba hiyo ni ya kweli tu ikiwa mwenye nyumba amekubali mapema kwamba mnaweza kufika Ijumaa bila kumshtua, na taa za ndani zimepakiwa kwenye gari.

Dunga ilileta tatizo jingine. Onyesho moja lilihitaji alfajiri, wakati mashua za wavuvi wa omena zinaporudi kutoka ziwani, na jingine lilihitaji machweo. Mwezi huo jua huchomoza na kuzama dakika chache kabla ya saa moja, na kikosi kilichofika saa kumi na moja na nusu alfajiri hakiwezi kufanya kazi nzuri hadi giza linapoingia. Hapo ndipo nilipoivunja kanuni ya mahali kwa makusudi: machweo yaliondolewa kwenye siku ya Dunga na kupelekwa Jumapili jioni, baada ya Kibuye. Lilikuwa onyesho la 4/8, la Binti peke yake, lenye pembe moja ya kamera, hivyo lilihamishwa na watu wachache na vifaa vichache. Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo onyesho la machweo lenye mazungumzo marefu na pembe nne za kamera halipangiki kwa jioni moja, hata mkiwa wepesi namna gani.

Ratiba ikawa hivi. Alhamisi tulirekodi ofisini kurasa tatu, tukamaliza saa kumi na moja jioni ili watu wapate mapumziko ya saa kumi na mbili kabla ya alfajiri ya Ijumaa. Ijumaa ilikuwa Dunga, maonyesho matano yenye kurasa tatu na nusu, na yale mawili ya Mzee yalifanywa kabla ya adhuhuri. Jumamosi ilikuwa nyumbani, kurasa nne, zote za Mzee. Jumapili ilikuwa Kibuye tangu asubuhi, kisha machweo. Jumatatu tulianza saa tatu kwa sababu ya usiku uliotangulia, tukarekodi nyumbani kurasa tatu zenye Mama. Jumanne zilibaki kurasa mbili za Binti peke yake.

Siku hiyo nyepesi ya mwisho ilikuwa na sababu mbili. Kwanza, ilipokea chochote ambacho mvua ingekisukuma mbele, ila maonyesho ya Mama, ambayo Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku yake ya mwisho. Pili, katika hadithi Binti anafumua nywele zake za kusuka kuelekea mwisho, na nywele zikishafumuliwa hazirudishwi kwa dakika tano. Maonyesho hayo mawili ya nywele wazi yalilazimika kuwa ya mwisho kurekodiwa, na kwa bahati njema hayakumhitaji Mama. Katika kila muswada mimi hutafuta mabadiliko ya namna hii, kama vile kunyoa ndevu au kuvunja ukuta, na kuyaandika kwenye kipande kwa wino mwekundu.

Ratiba ikikamilika, ninaisoma mara mbili kwa njia tofauti. Mara ya kwanza ninafuata siku, nikiangalia saa za mwanga na safari. Mara ya pili ninamfuata mwigizaji mmoja mmoja tangu siku yake ya kwanza hadi ya mwisho, nikitafuta siku anazosubiri bure kati ya siku mbili za kazi, kwa sababu siku hizo hulipiwa chakula na malazi, na mara nyingi kubadilishana vipande viwili tu huziondoa. Kisha ninampigia kila mmoja simu na kumsomea siku zake, nikimwomba anithibitishie kwa ujumbe wa maandishi kabla sijalipia mahali popote.