Punguzo la siku 10: ukikopa ili ulipe mapema, unabaki na nini?

Ukishazoeana na msambazaji, mali kauli huwa rasmi. Unapakia mzigo leo, ankara inakupa siku 30 za kulipa, na baadhi ya wasambazaji huongeza mstari mmoja chini kabisa: ukilipa ndani ya siku 10, unapunguziwa asilimia 2. Wengine huandika kwa mkato tu, 2/10 n/30. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Morogoro, mabati na misumari nachukua Dar, na mstari huo nimeupigia hesabu mara nyingi, hasa pale ambapo hela ya kulipa siku ya 10 haijatimia.

Wengi wakiona asilimia 2 wanaidharau. Wakisikia benki inatoza asilimia 18 wanaogopa, na wanaliacha punguzo bila kulitazama mara ya pili. Lakini hizo 18 ni za mwaka mzima, na hizi 2 ni za siku 20 tu, yaani kutoka siku ya 10 hadi siku ya 30. Kwenye ankara ya shilingi 10,000,000, ukilipa mapema unatoa 9,800,000. Usipolipa mapema, umekubali kutoa 200,000 zaidi ili ukae na 9,800,000 za msambazaji kwa siku 20. Ukiivuta hesabu hiyo hadi mwaka, inafika kama asilimia 37. Kwa hiyo mali kauli nayo ni mkopo, na riba yake imejificha ndani ya bei.

Hapo ndipo wengine huruka moja kwa moja: 37 ni kubwa kuliko 18, basi nikope. Mimi sifanyi uamuzi kwa asilimia za mwaka, kwa sababu wakopeshaji wetu wengi hawatozi kwa siku. Naweka shilingi kwa shilingi: punguzo ni kiasi gani, na mkopo huu, kwa namna utakavyokaa kwangu, utanila kiasi gani.

Tuchukue ankara hiyohiyo. Siku ya 10 dukani nina 5,800,000 ambazo naweza kuzitoa bila kukwama. Pengo ni 4,000,000. Angalia jambo hili, maana watu hulipita: nikikopa 4,000,000 napata punguzo la mzigo wote, shilingi 200,000. Sijakopa 9,800,000. Mkopo mdogo unafungua punguzo kubwa, na ndiyo maana wakati mwingine hata mkopo wa bei mbaya huonekana unalipa.

Tuanze na ovadrafti ya benki ya asilimia 18 kwa mwaka. Uzuri wake ni kwamba riba inahesabiwa kwa siku na kwa kiasi ulichotumia tu. Shilingi 4,000,000 kwa siku 20 zinakula kama 39,500. Ukitoa kwenye 200,000, unabaki na 160,500. Ipo pia ada ya kufunguliwa ovadrafti kila mwaka, lakini hiyo unailipa utumie usitumie, kwa hiyo kwa anayechukua mizigo mara kwa mara inagawanyika. Hata ningekopa zile 9,800,000 zote, riba ingekuwa kama 96,700 na bado ningebaki na zaidi ya laki moja. Mwenye ovadrafti asiwaze sana, alipe mapema.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuna ovadrafti. Tunakimbilia taasisi ndogo za mikopo. Zile zenye leseni ya daraja la pili Benki Kuu imeziwekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, basi tuchukue hicho. Kwa 4,000,000 riba ni 140,000. Weka ada ya mkopo ya asilimia 1, yaani 40,000. Jumla 180,000, na unabaki na 20,000. Kumbuka kwamba wewe ulihitaji siku 20, lakini umelipia mwezi mzima, kwa sababu mwezi ndicho kipimo chao. Na bado hujafika kwenye bima ya mkopo, mwanasheria wa dhamana na nauli. Kwa 20,000 mimi sifungi duka asubuhi kwenda kusaini fomu.

Mikopo ya kausha damu siihesabu kabisa. Anayetaka asilimia 20 kwa mwezi atakula 800,000 ili wewe uokoe 200,000.

Lakini riba siyo kitu cha kwanza ninachokiuliza kwa mkopeshaji. Nauliza marejesho yanaanza lini na ni ya kila wiki au ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo nimeona wenzangu wengi wakiumia huku hesabu ya riba ikionekana safi. Sababu ya kukopa ilikuwa kwamba hela itapatikana siku ya 30. Mkopo wa marejesho ya wiki, wiki nne, unadai 1,035,000 kila wiki. Umeuchukua siku ya 10, basi rejesho la kwanza ni siku ya 17 na la pili siku ya 24. Kabla ya siku ya 30 haijafika umeshatakiwa kutoa 2,070,000 ambazo kwa maelezo yako mwenyewe hukuwa nazo. Utazitoa wapi? Kwenye droo ya mauzo ya kila siku, ile iliyokuwa inunue saruji. Rafu ya saruji ikibaki tupu, fundi aliyekuja kuchukua mifuko 20 haondoki na misumari yako pia. Anakwenda kwa jirani na anabeba kila kitu huko. Hasara hiyo haiandikwi popote, ila ukilinganisha daftari la mauzo la wiki hizo na la wiki za kawaida utaiona.

Na kuna ubaya mwingine wa marejesho ya wiki kwenye riba isiyopungua. Baada ya wiki mbili umesharudisha nusu ya hela, lakini riba uliyopangiwa ni ya 4,000,000 kwa mwezi mzima. Kwa hiyo ukiambiwa asilimia 3.5, uliza: inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye deni la mwanzo? Afisa mikopo mwaminifu atakujibu kwa sentensi moja. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Turudi kwenye hiyo hela ya siku ya 30, kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Inatoka wapi? Kama ni mauzo ya kawaida ya mabati yaleyale, sawa. Kama ni mkandarasi aliyeahidi, au shule inayosubiri fedha za ujenzi, mimi sikopi hata kama hesabu inaonyesha faida. Ukichelewa kwa msambazaji, unampigia simu: "Kaka, nivumilie mpaka Ijumaa." Atanung'unika, pengine mzigo unaofuata atakuweka nyuma ya foleni, lakini mtaelewana. Mkopeshaji ana mkataba, ana faini ya kuchelewa, na ana kadi ya gari lako. Unapokopa ili ulipe mapema, unahamisha deni kutoka kwa mtu mwenye subira kwenda kwa mtu asiye nayo. Hiyo nayo ina bei.

Ujikague pia kuhusu tabia yako ya kulipa. Ankara inasema siku 30, lakini kama siku zote unalipa siku ya 45 na msambazaji hajawahi kukutoza chochote, basi punguzo lako linanunua siku 35, siyo 20. Ile asilimia 37 inashuka hadi kama 21. Ovadrafti bado inafaa, itakula kama 69,000. Ile taasisi ndogo, kwa miezi miwili, itakula 280,000 za riba na 40,000 za ada, na umeshaingia hasara.

Kabla ya kukopa, soma ule mstari wa punguzo vizuri. Jambo la kwanza ni siku zinaanza kuhesabiwa lini. Niliwahi kumpelekea afisa mauzo lalamiko kwamba mzigo ulifika siku ya sita na bado ananihesabia siku 10. Akaniambia, "Bosi, mfumo unasoma tarehe ya ankara, hausomi tarehe ya lori." Tangu hapo naomba ankara itoke siku ya kupakia, na naomba wanithibitishie kwa meseji. Upande wa mwisho nao una mtego wake. Wengi wanahesabu siku hela ilipoonekana kwenye akaunti yao, siyo siku ulipoituma, kwa hiyo ukituma Ijumaa jioni huku siku ya 10 ikiwa Jumamosi, unaweza kuwa na mkopo na usiwe na punguzo.

Jambo la pili ni VAT. Baadhi ya wasambazaji wanapiga asilimia 2 kwenye bei kabla ya kodi. Kama zile 10,000,000 zina VAT ya asilimia 18 ndani yake, bei halisi ni kama 8,474,600, na punguzo ni kama 169,500, siyo 200,000. Kwa mwenye ovadrafti bado ni faida. Kwa yule wa 180,000 faida imegeuka hasara ya elfu kumi na kitu. Wapo pia wanaosema punguzo litaingia kwenye mzigo ujao. Hilo silikopei, kwa sababu riba nailipa sasa na punguzo nitaliona nikinunua tena, kwa bei ambayo bado siijui.

Kuna njia ya kati ambayo naitumia zaidi kuliko mkopo, na wasambazaji wengi wanaikubali ukiwauliza kabla mzigo haujapakiwa. Omba punguzo kwa sehemu utakayoilipa mapema. Nina zile 5,800,000 zangu. Nikizilipa siku ya 10 na kupewa asilimia 2 kwenye sehemu hiyo, zinafuta deni la kama 5,918,000. Nimeokoa 118,000 bila fomu wala dhamana, na deni lililobaki, 4,082,000, nalilipa siku ya 30 kama kawaida. Linganisha na zile 20,000 za taasisi ndogo. Ovadrafti bado inashinda, kwa kama 42,500, na kila mtu aamue mwenyewe kama kiasi hicho kinatosha kumfanya aende benki. Msambazaji akikataa kugawa punguzo, muulize kama atakupa asilimia 1 ukimaliza siku ya 20, maana kwa duka langu siku ya 20 hela ya mabati huwa imeshaanza kurudi, na naye anapata hela yake siku 10 mapema.