Choo chepesi kwa mtoto aliyefunga choo: je, dawa ya kulainisha isimamishwe?

Swali: Daktari, mwanangu ana miaka mitatu na nusu na uzito wa kilo 15. Tangu tuanze kumfundisha poti, hukaa siku nne au tano bila choo. Hujificha nyuma ya kochi, husimama kwa ncha za vidole na kukaza miguu akijaribu kusukuma, lakini hakitoki. Alipewa dawa ya unga ya kulainisha choo, gramu 6 kwa siku. Wiki hii nguo zake za ndani zinachafuliwa na choo chepesi mara nyingi, nikaisimamisha nikidhani anaharisha. Je, nimefanya sawa? Na akiitumia muda mrefu, utumbo hautaizoea?

Jibu: Kwa maelezo yako, naamini huku si kuhara bali ni kuvuja, na dawa haikupaswa kusimamishwa. Choo kikikaa muda mrefu, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji hadi bonge gumu linaziba sehemu ya mwisho ya utumbo, na kile chepesi kinachoshuka kutoka juu hupenya pembeni na kutoka bila mtoto kuhisi. Anayeharisha hutoa choo kingi cha majimaji kila anapokwenda, ilhali anayevuja huchafua nguo kidogo kidogo baada ya siku kadhaa za kukosa choo, na mara nyingi hushangaa akiambiwa kwamba amejichafua. Kwa hiyo asikaripiwe, kwani hana uwezo wa kukizuia.

Mkao ule wa nyuma ya kochi nao si wa kusukuma. Mtoto anayesukuma hukunja magoti na kuinama. Anayesimama kwa ncha za vidole huku amebana makalio anajizuia. Kwa kawaida chanzo ni choo kimoja kilichomuumiza: anaogopa maumivu, anajizuia, choo kinazidi kuwa kigumu, na kinapotoka kinamuumiza tena.

Mpeleke kwanza kwa daktari ampapase tumbo. Akithibitisha kwamba kuna bonge, kipimo cha gramu 6 hakitoshi kuliondoa. Ikiwa unga huo ni polietilini glikoli, kipimo cha kusafisha ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa muda wa siku 3 hadi 6. Kwa mwanao ni takriban gramu 15 hadi 22 kwa siku, kwa usimamizi wa daktari. Dawa hii hufanya kazi kwa kuyashikilia ndani ya utumbo maji yaliyonywewa pamoja nayo, kwa hiyo usipunguze maji ya kuchanganyia ili kuharakisha unywaji. Siku za mwanzo kuvuja kutaongezeka, na hapo ndipo wazazi wengi huiacha. Endelea hadi mabonge yatoke na kufuatiwa na choo cha majimaji kisicho na vipande.

Baada ya hapo mrudishe kwenye kipimo cha kuendeleza, yaani gramu 0.4 kwa kilo, ambacho kwake ndicho zile gramu 6. Kinaweza kupandishwa au kushushwa kati ya gramu 3 na 12, kidogo kidogo kila baada ya siku mbili tatu, mpaka apate choo laini kila siku bila maumivu.

Utumbo hauizoei dawa hii, kwa maana haiuchochei kusukuma na karibu yote hutoka na choo. Kinachorudisha tatizo ni kuiacha mapema, kabla utumbo uliotanuka haujarejea na kuanza tena kuhisi haja. Itumike kwa angalau miezi 2, dalili zote ziwe zimetoweka kwa mwezi mzima, na kwake yeye isipunguzwe kabla hajazoea poti.

Mafunzo ya poti yasitishwe kwa sasa, na akiomba nepi wakati wa haja kubwa, mpe. Choo kikishakuwa laini kwa wiki kadhaa, mkalishe kwa dakika 5 kila baada ya mlo, wakati utumbo unapoamka wenyewe, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu au kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga. Asifiwe kwa kukaa, hata kama hakutoa kitu.

Usisubiri nyumbani ikiwa anatapika nyongo, tumbo limevimba, miguu imelegea au haongezeki uzito. Mweleze daktari pia ikiwa kinyesi chake cha kwanza alipozaliwa kilichelewa kupita saa 48, au ikiwa tatizo lilianza kabla hajatimiza mwezi mmoja, kwa kuwa hapo huenda kuna ugonjwa mwingine wa kuchunguzwa.

Wakati wa kuiacha ukifika, ipunguze polepole kwa wiki kadhaa. Akianza tena kujificha, hata kama choo bado kinatoka, mrudishe siku hiyohiyo kwenye kipimo cha mwisho kilichomfaa.