Hati safi haikwambii kiwanja kiko wapi: usiposti kabla hujasoma namba za bikoni

"Wakuu, naanza udalali wa mtandaoni hapa Mwanza, nyumba na viwanja, kwa kamisheni tu. Dalali mwenzangu kanitumia picha na nakala ya hati ya kiwanja cha Buswelu, mita za mraba 600, anasema hati ni safi niposti tu tugawane. Naomba ushauri: nipigie picha simu gani, kamisheni niombe asilimia ngapi, na ukurasa nifungue wapi?"

Usiposti. Kama umeshaposti, futa sasa hivi kisha urudi kusoma.

Hayo maneno "hati ni safi, posti tu" ndiyo yaliyonigharimu mimi, na nayaona yanazunguka kwenye magrupu yetu kila wiki. Wanaoyasema ni watu wazima waliokaa kwenye udalali miaka mingi. Wanajua kabisa shimo liko wapi, ila wanamtanguliza mgeni kwa sababu namba ya simu kwenye tangazo itakuwa yake. Aliyenifundisha hivyo sikumwona siku mnunuzi alipokuja kudai.

Tatizo lenyewe ni hili. Hati inaweza kuwa halali, mwenye hati akawa hai na mwenye nia ya kuuza, upekuzi kwa Msajili wa Hati ukatoka bila rehani wala zuio, halafu picha ulizoposti zikawa za kiwanja cha mtu mwingine. Hati inasema ploti namba fulani, kitalu fulani. Haisemi "pale karibu na ule mwembe". Anayeunganisha karatasi na ardhi ni kijana aliyetumwa kuonyesha, na mara nyingi hata yeye ameelekezwa kwa simu na mwenye kiwanja anayeishi Dar au Geita na hajafika eneo hilo kwa miaka. Mwanza hii ya mawe inazidisha ubaya. Ploti mbili zinapakana, moja ni tambarare, ya pili nusu yake ni mwamba na nusu ni mteremko. Kijana akifika pale, miguu inampeleka kwenye tambarare. Wengine wanakosea kweli, wengine wanajua wanachofanya. Kwa mnunuzi matokeo ni yaleyale.

Tuchukue hicho chako cha Buswelu, tuseme kinauzwa milioni 18 na kamisheni yako ni asilimia 5, yaani laki 9. Mnunuzi anapenda tambarare la kwenye picha, analipa, uhamisho unakwenda vizuri kwa sababu karatasi haina kasoro. Miezi minne baadaye anashusha mawe, mchanga na nondo, fundi anachimba msingi, na jirani anatokea na hati yake: hapa ni kwangu. Mnunuzi akirudi kwa aliyemuuzia anajibiwa, "Mimi nimekuuzia ploti iliyoandikwa kwenye mkataba, na umeipata. Sikukuonyesha mimi." Na ni kweli, mkataba unataja namba sahihi. Aliyeonyesha ni wewe. Picha ni zako, ujumbe wa simu ni wako, sauti kwenye video ni yako. Laki 9 umeshakula, na unadaiwa msingi mzima na gharama za kuuvunja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hakuna picha inayopanda mtandaoni kabla hujasimama kwenye kila bikoni ya hicho kiwanja, yaani kila jiwe la mpaka lililowekwa na mpima, ukasoma namba yake, ukailinganisha na ramani. Kila bikoni. Moja haitoshi, kwa sababu kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari bikoni moja ya kona inaweza kuhudumia ploti hadi nne.

Kinachofanyika ni hivi. Mwambie mwenye kiwanja akupe ramani iliyo ndani ya hati, siyo ukurasa wa jina peke yake. Wengi wanatuma ukurasa wa kwanza tu. Ile ramani inaonyesha umbo la ploti, namba za bikoni, na ploti zinazopakana. Kama haina jedwali la vipimo vya bikoni, nakala ya ramani ya upimaji inaombwa idara ya ardhi ya halmashauri husika. Kwa Buswelu hiyo ni Manispaa ya Ilemela, siyo Jiji. Na ujue mapema kwamba Kisesa ni Magu na Usagara ni Misungwi, hata kama kila tangazo linaandika "Mwanza mjini". Ukienda kuuliza ofisi isiyo yake unaambiwa haipo, unadhani ni utapeli, kumbe umekosea mlango.

Ukishakuwa na ramani, nenda na tepu ya mita 50, jembe la kufukulia, na mtu wa kushika upande wa pili. Bikoni nyingi zimefunikwa na majani au udongo, na nyingine zimeng'olewa na wachunga ng'ombe au greda la barabara. Anza kwenye kona ya barabara inayoonekana kwenye ramani, hesabu ploti moja moja hadi uifikie ya kwako. Hesabu hiyo peke yake imewaumbua waonyeshaji wengi kabla hata tepu haijafunguliwa.

Halafu pima. Kila bikoni kwenye jedwali ina namba mbili, ya mashariki (E) na ya kaskazini (N), kwa mita. Tuseme kati ya bikoni ya kwanza na ya pili tofauti ya E ni 16 na tofauti ya N ni 12:

```
√(16² + 12²) = √400 = 20
```

Ubavu huo lazima uwe mita 20 kwenye tepu. Ukipata ubavu wa pili 30, pima na mshazari, kona kwa kona. Kwenye ploti ya pembe mraba ya 20 kwa 30 mshazari ni mita 36 na sentimita 6. Watu wanauruka mshazari, wakati ndio unaofichua kiwanja kilichopinda: pande zote zinaweza kuwa sawa na eneo likawa dogo kuliko mita 600 zilizoandikwa. Kwenye mteremko vuta tepu ikae mlalo hewani. Ukiilaza juu ya ardhi itasoma zaidi ya ramani, kwa sababu ramani hupima umbali wa mlalo.

Tepu nayo ina mpaka wake. Ikiwa ploti zote za mstari huo ni 20 kwa 30, vipimo vitakubali kwa jirani vilevile. Hapo kinachoamua ni namba zilizoandikwa kwenye bikoni zenyewe, ndiyo maana nimezianza hizo.

Sasa mtego wa simu, ambao hata waliosoma unawanasa. Unachukua zile namba za ramani, unaziingiza kwenye programu ya ramani ya simu, UTM ukanda 36S, alama inatokea, unaifuata kwa miguu, unajiona umethibitisha. Ramani nyingi za upimaji za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84. Hapa kwetu ukiziingiza bila kubadili mfumo, alama inaangukia kama mita 300 kutoka kwenye kiwanja, zaidi upande wa kaskazini. Mita 300 ni mtaa mwingine kabisa. Soma pembeni mwa ramani imeandikwa mfumo gani. Ukikuta Arc 1960, chagua huohuo kwenye programu kabla ya kuingiza namba. Ramani mpya zinaweza kuwa za TAREF11, ambao kwa matumizi ya simu unakubaliana na WGS84. Na hata ukipatia, simu kwenye uwanja wazi inayumba mita 3 hadi 5, zaidi ukiwa chini ya miti au kando ya mwamba mkubwa. Kwenye ploti ya upana wa mita 20 simu inakufikisha jirani na mlango, haikufungulii.

Ukiwa pale pale ndipo unapiga picha, maana picha nzuri ya kiwanja ni ushahidi kabla ya kuwa tangazo. Simu yoyote ambayo picha yake inafanya namba ya bikoni isomeke inatosha. Piga kila bikoni kwa karibu hadi namba isomeke, kisha simama juu yake upige kuelekea kona ya mkabala, msaidizi wako akiwa amesimama kwenye kona hiyo ili jicho lipate kipimo na mteremko uonekane. Hizo za namba zibaki kwako na kwa mnunuzi wa kweli, usizimwage hadharani. Chukua video moja isiyokatwa kuanzia barabarani hadi bikoni ya kwanza. Achana na lenzi pana ya 0.5, inalaza mlima na kukimbiza jirani mbali. Mwamba ukiwepo upige, uutaje na ukubwa wake. Mteja atauona tu siku ya kwanza akifika, na fundi wake atampa gharama ya kuuvunja au kuujengea.

Hizo picha ulizotumiwa na mwenzako hazikusaidii kitu. Wasapu ikituma picha kwa njia ya kawaida huifuta kumbukumbu ya mahali ilipopigwa. Mwombe azitume kama faili la hati. Akisema hana za asili, basi naye ametumiwa, na wewe ni dalali wa tatu au wa nne kwenye mnyororo ambao hakuna hata mmoja aliyekanyaga udongo.

Kama ni cha ufukweni, kuanzia Luchelele hadi Kayenze, ongeza kipimo kimoja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fukwe ambazo watu walikuwa wanaziita viwanja. Pima kutoka maji hadi bikoni ya juu ndipo uandike neno "ufukweni".

Kamisheni ni maelewano yako na mwenye mali. La muhimu iandikwe na kusainiwa kabla ya tangazo: kiasi, nani analipa, na kwamba inalipwa mwenye mali akishapokea pesa. Pesa ya mnunuzi, hata kishika uchumba, iende kwenye akaunti ya benki yenye jina lililo kwenye hati. Isipite kwenye simu yako hata kwa dakika moja. Na mwenye hati akiwa na mwenza, ridhaa ya mwenza iwe kwa maandishi.

Ukifika Buswelu ukakuta bikoni mbili kati ya nne hazipo, usikisie. Mwambie mwenye kiwanja amlete mpima wa manispaa au mpima binafsi mwenye leseni azifufue, kwa gharama yake mwenye kiwanja. Atakasirika, atasema dalali mwingine hamsumbui hivyo. Mwache aende kwa huyo mwingine.