Muuzaji mwenye jina la marehemu: kuchunguza parseli Lubumbashi kabla ya kulipa

Ukienda kununua parseli hapa Lubumbashi, komisioneri atakuonyesha kwanza muhuri na saini. Mimi nakuomba uanze na tarehe. Tarehe ya sertifika, tarehe ya kuzaliwa ya muuzaji, na jina la nchi lililochapwa juu ya karatasi: soma hivyo vitatu pamoja kabla ya kuzungumza bei.

Nieleze kwa mfano wa mdogo wangu, aliyetaka kununua parseli ya mita 20 kwa 25 Bel-Air, katika komini ya Kampemba. Sertifika ya uandikishaji ilikuwa ya mwaka 1986. Muuzaji alitoa karte yake ya mchaguzi, na majina yote matatu yakalingana na yale ya sertifika, herufi kwa herufi. Komisioneri akasema, “Yaya, unaona mwenyewe, ni yeye.” Lakini karte ilisema amezaliwa mwaka 1984. Mtoto wa miaka miwili hakupewa parseli na Serikali. Sertifika ilikuwa ya baba yake, na kijana alikuwa amepewa jina la baba kamili, kama tunavyofanya katika familia nyingi za kwetu. Nilipomuuliza kwa upole baba yuko wapi, akakubali kwamba alishafariki.

Karatasi yenyewe haikuwa ya uongo. Juu iliandikwa Zaire na Shaba, ndivyo inavyotakiwa kwa mwaka ule, maana jina la Zaire lilidumu mpaka Mei 1997, na mkoa wa Haut-Katanga ulianza mwaka 2015 tu. Ukionyeshwa sertifika yenye tarehe ya 1986 na jina la Haut-Katanga juu, iache hapo hapo. Ila karatasi ya kweli mikononi mwa mtu asiye mwenyewe ni hatari zaidi kuliko ya uongo, kwa sababu kule ofisini itaonekana safi.

Mwenye sertifika akifa, parseli ni ya warithi wote, wala si ya yule anayeshika karatasi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inaweka kwanza watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua akiwa hai, na wale aliowalea kwa njia ya sheria. Mjane naye ana haki zake, hasa ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Kwa hiyo tulimwomba kijana akti ya kifo, maandishi ya baraza la familia yenye saini za warithi, na hukumu ya mahakama inayomtaja likwidateri, yaani mtu aliyepewa kusimamia urithi. Alileta akti ya kifo na barua ya familia yenye saini tatu. Tukaenda kuzungumza na majirani bila komisioneri. Mama mmoja anayeuza makala kwenye kona ya avenyu alitueleza kwamba marehemu alikuwa na nyumba nyingine Katuba, na watoto kule. Wale hawakuwa kwenye barua. Warithi wa namna hiyo ndio hujitokeza siku unapoanza kupandisha ukuta, na mahakama itawasikiliza.

Hata marehemu angekuwa hai, tungemdai saini ya mke wake. Sheria inataka makubaliano ya mume na mke wote wawili kabla ya kuhamisha haki ya ardhi, hata kama sertifika ina jina la mmoja tu.

Tukiwa tunasubiri familia ijipange, tulienda kwa konsevateri wa hati za ardhi. Sertifika hutengenezwa mara mbili: moja hukaa katika kitabu cha ofisi, nyingine hupewa mwenyewe. Ndiyo maana juu yake kuna namba ya volimu na ya folio. Unaandika barua ya kuomba maelezo, unataja namba hizo na namba ya parseli, unabaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Uliza mambo matatu: jina kitabuni bado ni lile lile? Kuna deni la benki lililoandikwa juu ya parseli? Kuna mtu aliyeweka pingamizi? Nenda mwenyewe. Jibu ambalo komisioneri amekuletea nyumbani si jibu la ofisi, kwa kuwa yeye hulipwa parseli ikiuzwa tu.

Kisha mipaka. Ukubwa kwenye sertifika huandikwa kwa hekta, ari na sentiari: mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 500, yaani ari 5. Chukua futi kamba ndefu, tafuta mawe ya mpaka kwenye pembe nne, upime pande zote nne, halafu upime pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa kukatisha parseli katikati. Watu wengi huacha hicho kipimo cha mwisho. Parseli iliyonyooka ya 20 kwa 25 itakupa mita 32 na kidogo kwa mikatizo yote miwili. Sisi tulipata 32 kwa mmoja na 30 na nusu kwa mwingine. Tukarudi nyuma ya parseli: badala ya mita 20 kulikuwa na 17 na nusu. Ukuta wa jirani ulikuwa umeingia ndani kidogo kidogo kuanzia mbele, na jiwe la pembe halikuonekana. Mita za mraba 31 hivi zilikuwa zimekwenda. Ukiona hivyo usigombane na jirani; omba mpimaji wa kadasta aje na ramani yake, majirani wakiwepo, aweke tena jiwe na kuandika ripoti. Gharama hiyo iwe ya muuzaji, na iishe kabla ya bei kukubaliwa.

Kwa parseli za pembeni, komini Annexe, mara nyingi hutakuta sertifika kabisa. Utapewa barua ya shefu wa mila au fishi ya kartie. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na haki juu ya ardhi iliyogawiwa huthibitishwa na sertifika. Barua ya shefu inaweza kuwa mwanzo wa kuomba, lakini usiilipie bei ya parseli yenye sertifika.

Familia ya Bel-Air ilichukua miezi mingi. Watoto wa Katuba waliitwa, likwidateri akatajwa na mahakama, sertifika ikahamishwa kwanza kwa jina la warithi. Mdogo wangu alikuwa ametoa kianzio kidogo tu, kwa maandishi mbele ya notere, yakisema pesa itarudishwa hukumu isipopatikana. Iliyobaki aliitoa kwa vipande, na kipande kikubwa zaidi kilibaki mpaka siku konsevateri alipofuta sertifika ya warithi na kusaini mpya yenye jina lake, ikitaja ari 4 na sentiari 69, kwa sababu jirani hakukubali kubomoa ukuta na bei ikapunguzwa kulingana na hapo.