Kidonge cha mama cha kuzuia kutapika usimpe mtoto

Mdogo wangu alinipigia saa tatu usiku analia, dada njoo mtoto ana degedege, na mimi kazi yangu ni famasi kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza ni hili, anakusikia? Akasema ndiyo, anamwita mama, ila shingo imepinda upande, macho yamegeukia juu hayashuki na ulimi unatoka nje wenyewe. Nikamuuliza amekunywa dawa gani. Kimya. Halafu akasema alikuwa anaharisha na kutapika, nikampa vile vyangu vya kuzuia kutapika vilivyobaki nilipofanyiwa upasuaji, kimoja asubuhi kimoja jioni.

Vilikuwa metoklopramidi za miligramu 10. Mtoto ana miaka 6, kilo 18. Sasa piga hesabu, kwa mtoto dozi moja haizidi miligramu 0.15 kwa kila kilo, yaani kwa huyu ni 2.7 hivi, na kwa siku nzima asivuke 9. Kidonge kimoja tu kilishapita kiwango cha siku, na yeye amepewa viwili 🤦🏾‍♀️

Hii dawa inaziba dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, katika ile sehemu inayoamsha kutapika, shida ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inaongoza misuli, ikizibwa misuli inajikaza yenyewe, ya shingo, taya, ulimi, macho. Watoto na vijana ndio wanaokamatwa zaidi, na si lazima dozi iwe kubwa, kuna wanaopata hata kwa dozi sahihi. Watu wanadhani ni degedege, wengine pepopunda, wengine wanasema karogwa. Tofauti na degedege la mwili mzima ni kwamba huyu ana fahamu zake, anakusikia, anaogopa, analia. Lakini hiyo isikufanye ukae nyumbani kumchunguza, mpeleke. Tulienda na pakiti mkononi, daktari alivyoiona tu akaagiza sindano ya difenhidramini, na ndani ya nusu saa shingo ikanyooka mtoto akaomba maji. Akaandikiwa dawa ya kuendelea nayo siku mbili maana metoklopramidi ikiwa bado mwilini mambo yanaweza kurudi.

Ulaya tangu 2013 wameizuia kabisa kwa walio chini ya mwaka 1, na kwa watoto wakubwa imebaki akiba, pale nyingine zikishindwa kwa wanaotibiwa saratani au waliotoka upasuaji, na si zaidi ya siku 5. Kutapika kwa kuharisha hakumo humo.

Kesho yake mdogo wangu akaniuliza, basi ningempa promethazini? Hapana. Ile ni ya jamii ya dawa za aleji, inafaa kichefuchefu cha safari na inalaza sana. Mtoto anayeharisha na kutapika unamtaka macho ili anywe, ukimlaza hanywi, na wewe unakaa unashukuru katulia kumbe anakauka. Na chini ya miaka 2 ni marufuku, Marekani waliiwekea onyo kali kabisa mwaka 2004 kwa sababu kuna watoto waliacha kupumua wakafa.

Inayobaki ni ondansetroni. Yenyewe inaziba serotonini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe mwilini, haigusi dopamini, ndiyo maana mambo ya shingo kupinda ni nadra sana na hailazi kama promethazini. Kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30 anayetapika sana kwa kuharisha, daktari kawaida anampa miligramu 4 mara moja tu, basi, halafu unasubiri kama nusu saa ndio unaanza ORS kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika chache. Kazi yake ni kufungua mlango ORS ipite, kuharisha haiponyi, tena kunaweza kuongezeka kidogo, usishtuke ukaongeza dozi. Na haifai kutapika kwa safari. Mwenye shida ya mapigo ya moyo, au kama ukoo una watu wenye shida hiyo, sema kabla hajapewa, maana inaweza kuvuruga mapigo.

Ila kuna kutapika ambako hupaswi kutafuta kidonge chochote kati ya hivi vitatu: matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo limevimba gumu, ameanguka akagonga kichwa, kichwa kinauma sana na shingo imekakamaa, amelegea haamki vizuri, au hajakojoa tangu asubuhi na sasa ni jioni. Dawa hapo inaficha tu ugonjwa, nenda hospitali moja kwa moja, na kama ulishampa kitu taja jina lake na saa uliyompa hata kama unaona aibu. Mdogo wangu ile aibu ilitupotezea dakika kumi kwenye simu.